Supu ya Moto na Makopo ya Levina

Mke wangu Levina ana makopo sabini na moja ya plastiki. Niliyahesabu siku moja nilipokuwa natafuta koti juu ya kabati, kopo likaniangukia kichwani na mengine tisa yakalifuata, yote matupu, yote yana picha ya stroberi. Nilipomweleza yaliyonipata, aliuliza kama kuna lililopasuka.

Mimi naitwa Emilian. Nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Tabora mpaka nilipostaafu, kwa hiyo kupanga vitu nakujua. Makopo yale hayapangiki. Ya aiskrimu ni makubwa, ya lita mbili na lita nne, na huyapata harusini au kwa mpishi wa hoteli moja karibu na soko. Mwanetu Eliya naye akija kutoka Dar es Salaam hubeba begi la nguo na begi la makopo. Ya mtindi ni ya nusu lita, membamba, na hukaa kila mahali ambapo mtu mzima angependa kukaa.

Kazi ya makopo hayo ni kupelekea wagonjwa chakula. Hakuna aliyemtuma Levina. Akisikia tu kwamba kuna mtu amelala kitandani pale Cheyo au kule Gongoni, anabandika sufuria. Chakula chake kina sharti moja: kifike cha moto. Kumpa mgonjwa chakula kilichopoa, kwa maoni ya Levina, ni kumwambia kwamba ulikuwa na shughuli nyingine. Basi anachota kikiwa kinatokota, anafunga mfuniko papo hapo, anazungushia kitenge na kupanda bajaji.

Zamani alitumia hotpoti. Tulikuwa nazo saba, na zote zilikwenda kwa wagonjwa. Ilirudi moja, baada ya miaka miwili, ikiwa na mfuniko wa hotpoti ya watu wengine. Kudai chombo kwa mgonjwa ni aibu, na kukidai msibani ni aibu zaidi. Kopo la aiskrimu halidaiwi na mtu. Analiacha mezani au dirishani, anasema "pona haraka", anarudi kwenye bajaji inayomngoja. Kuna siku alifika nyumba sita kabla ya adhuhuri. Nilikuwa najivunia sana, ila sikumwambia, maana angeongeza makopo.

Jumamosi moja alipika supu ya kuku kwa ajili ya Bi Zabibu wa Gongoni, jirani yetu wa zamani, aliyeteleza uani akavunjika nyonga. Kuku alichinjwa na Nurdini, kijana wa bajaji, kama ilivyo kawaida yetu tukimpikia Bi Zabibu. Makopo makubwa yaliyokuwa yameoshwa yalikuwa yameisha kwa wagonjwa wengine, kwa hiyo supu ikaingia kwenye kopo la mtindi. Nilikwenda naye, kwa kuwa aliniambia niende.

Tulipokaribia Gongoni Levina akasema, "Baba Eliya, hili kopo linanilegea mkononi."

Nikatazama. Kopo lilikuwa limeingia ndani ubavuni, na chini limebonyea upande. Nurdini akaruka tuta, mfuniko ukafunguka, na nusu ya supu ikamwagikia kiti cha bajaji na kitenge cha Levina. Mguu wake haukuungua kwa sababu ya unene wa kitenge. Nurdini alitazama kiti chake, akamtazama Levina, akaendelea kuendesha. Alifanya busara.

Bi Zabibu alikuwa na binti yake Ummy, afisa lishe huko Igunga, aliyechukua likizo kumuuguza mama yake. Akatuamkia, shikamoo kwangu na shikamoo kwa Levina, tukaitikia, akalipokea kopo. Hakuliweka mezani. Aliimimina supu iliyobaki kwenye bakuli, akaligeuza kopo juu chini, akasoma kitako chake.

"Mama," akamwambia Levina, "unaona hii pembetatu? Ndani yake kuna sita."

"Naiona. Si ni bei?"

"Ni aina ya plastiki. Vikombe vingi vya mtindi ni vya sita, na sita ikikutana na kitu kinachochemka inalegea, kama ulivyoona. Makopo ya aiskrimu mara nyingi ni tano. Hiyo inavumilia joto zaidi."

"Basi nitatumia ya aiskrimu," Levina akasema, akaanza kuinuka.

"Kaa kwanza, mama. Namba inakuambia ni plastiki gani, haikuambii kopo limetengenezwa kwa kazi gani. Lile limetengenezwa kukaa kwenye friza, mara moja, aiskrimu ikiisha limemaliza kazi. Aliyelitengeneza hakulipima kwa supu ya moto yenye mafuta. Joto na mafuta ndivyo vinavyovuta vitu kutoka kwenye plastiki viingie kwenye chakula. Na kopo likikwaruzwa na kuzeeka ndiyo linazidi kuachia."

"Mimi nimekula humo miaka kumi na minane. Nimekufa?"

"Hujafa. Na sikuambii kwamba mtu atakula leo aanguke kesho. Ni kidogo kidogo, na kiasi gani kinadhuru hata wataalamu bado wanabishana. Ila kwa nini umpe mgonjwa kitu ambacho unaweza kutompa?"

Levina akaligeukia kopo. Mke wangu asipojibu huwa anatafuta jiwe la kurusha, na nilijisogeza kidogo. Lakini Ummy alikuwa hajamaliza.

"Jambo la pili ndilo linaloniogopesha zaidi. Yale maharage ya Alhamisi. Ulileta saa sita mchana, lita nne, umefunga yakiwa ya moto. Mama akala kidogo, kopo likakaa pale mezani. Saa kumi na moja naligusa, bado ni vuguvugu. Chakula kingi kwenye kopo refu lililofungwa hakipoi upesi, na kwenye uvuguvugu ule ndimo vijidudu vinapozaliana. Nilikuwa nimetoka kidogo, kurudi nakuta ameshakula tena. Ijumaa yote tumeshinda chooni, na nyonga ile."

"Nilidhani ni dawa," Bi Zabibu akasema kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu ambaye angependa mazungumzo yahame.

Hapo nikamwona Levina amebadilika. Alikaa kwenye kigoda, kitenge kinanuka supu, mikono ameiweka magotini. Sijamwona hivyo mara nyingi. Alipozungumza hakuuliza habari za maharage.

"Ummy mwanangu. Mdogo wangu Bernadeta nilimpelekea supu miezi kumi na minne. Kila siku ya Mungu. Kwenye haya haya, inachemka."

Bernadeta alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa ini. Alikuwa akiishi Ipuli, hapa hapa Tabora. Nilijua ni wapi mke wangu anaelekea, na niliogopa jibu, kwa sababu wasomi wana tabia ya kujibu kila wanachoulizwa.

Ummy alikaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake. "Ulianza kumpelekea lini, mama?"

"Alipogunduliwa."

"Basi ugonjwa ulikuwepo kabla ya kopo la kwanza. Siwezi kukuapia kwamba plastiki haikuingia kwenye supu yake. Lakini ule ugonjwa hukumletea wewe. Wewe ulileta kuku."

Levina aliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilimshukuru Ummy moyoni, na nitaendelea kumshukuru, ingawa kiti cha bajaji nilikiosha mimi.

Nilirudi nyumbani nikitarajia kuachana na makopo sabini na moja. Nilikuwa hata nimechagua mahali pa kuweka koti. Levina aliyatoa yote uani, akayapanga juani, akayapitia moja moja. Yaliyopinda na yaliyokwaruzwa akayatupa: kumi na sita. Hamsini na tano yakarudi ndani. Ummy alimwambia kwamba vitu vikavu na vya baridi havina shida humo, kwa hiyo sasa tuna michembe ya viazi vitamu vikavu kwenye makopo, karanga kwenye makopo, chumvi, mbegu za maboga na misumari yangu. Mboga za kuweka kwenye friji anazitandaza kwanza kwenye sinia mpaka zipoe, hazingoji zaidi ya muda wa saa mbili, ndipo anazigawa kwenye makopo madogo. Wakati zinapoa mimi hukaa kulinda kuku wasipande. Hiyo ndiyo kazi niliyoipata baada ya kustaafu.

Ila chakula cha moto kikabaki bila chombo. Tulikuwa na ile hotpoti moja tu, ya bati ndani, yenye mfuniko usio wake. Levina alinunua mpira wa kufungia mfuniko, akaijaza supu, akanitazama.

"Hii lazima irudi," akasema.

Tukaenda Gongoni. Akammiminia Bi Zabibu kwenye bakuli, mvuke bado unatoka, kisha akabaki amesimama, hajui la kufanya. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuona mgonjwa akila chakula chake. Nurdini alipiga honi nje. Bi Zabibu akasema, "Keti basi, supu haijaisha kwenye hotpoti." Levina akaketi. Nikatoka kumwambia Nurdini aende zake.

Bi Zabibu alikula kijiko kimoja, akasimulia habari ya mume wake marehemu na baiskeli yake ya kwanza. Kijiko cha pili, habari ya mtaro wa jirani. Saa nzima ilipita, bakuli liko nusu. Nilifanya kazi na mizigo miaka thelathini, najua mzigo unaocheleweshwa makusudi. Nilimkonyeza Levina. Alikuwa anajua.

Tuliporudi alikaa jikoni bila kuvua viatu. Nikamwambia nyumba zilizobaki za wagonjwa wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wamekubali kugawana, kwa hiyo asijisumbue. Hakuwa anawaza hayo.

"Kwa Bernadeta nilikuwa naweka kopo dirishani," akasema. "Yeye kitandani, mimi nje. Namwambia pona haraka, bajaji inanisubiri. Miezi kumi na minne, Baba Eliya. Sijui hata kama alikuwa anaipenda ile supu."

Akalia. Nilikaa naye. Nikamvua viatu, kimoja kimoja.

Kesho yake alibandika sufuria mapema. Bi Zabibu alitusubiri ameegemea mito mitatu, na pembeni ya kitanda kulikuwa na viti viwili ambavyo siku iliyotangulia havikuwepo. Levina alimimina supu, akafunga hotpoti, akavua kandambili na kuketi.

"Jana uliishia kwenye mtaro," akasema.

Bi Zabibu akachukua kijiko, akakizungusha taratibu kwenye bakuli, akakiweka kando. Supu ilipoa ikiwa haijaguswa. Levina aliiona inavyopoa, akasogeza kiti chake karibu zaidi.