027

Simu ya mkononi nilikuwa nimeiacha kwenye chaja chini ya meza ya mashuka, na kelele za Kariakoo unazijua. Nilipoishika nikakuta namba moja imenipigia mara tatu. Ya mezani, inaanza na 027.

Mama alikuwa amelazwa Moshi kwa presha, na ndugu zetu wote huko walikuwa na simu za mkononi. Ya mezani ni nani apige kama si hospitali? Nikapiga, namba inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nikampigia dada yangu huko mara kibao, hapokei.

"027 ni nyumbani," akasema jirani yangu wa duka la sufuria, Mchaga mwenzangu. Alisema taratibu, kama mtu anayejua tayari. Kwetu sokoni hakuna anayeuliza mara mbili: 027 imepiga mara tatu, mgonjwa yupo, basi. Akina mama wakafunga maduka. Mmoja akanifunga kanga kiunoni, mwingine akaanza kulia kwa sauti, nami nikaanguka juu ya mashuka yangu nikilia mama yangu, mama yangu.

Katika kilio hicho dada yangu aliyekuwa akimuuguza akapiga.

"Mbona nakuta simu zako kibao? Ngoja, mama anakutaka."

Mama! Sauti yake mwenyewe, ya kukwaruza, yenye kulalamika vilevile. Nikapiga ukelele, akina mama wakapiga vigelegele, na aliyenifunga kanga akanikumbatia huku akinitukana kwa kumtoa machozi ya bure. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Mdogo wako kafika wapi?" mama akauliza. "Alisema atakuwa hapa mchana."

"Yuko njiani, mama. Basi la asubuhi."

Mhindi wa duka la vitambaa, mzaliwa wa Tanga, alikuwa amekuja kutoa pole. Nikampa karatasi niliyoandikia ile namba, aone ujinga wetu. Akaisoma, hakucheka.

"Dada, hii si Moshi. 027 ni kaskazini yote: Arusha, Manyara, Kilimanjaro, na Tanga pia. Tazama zinazofuata. Moshi ingekuwa 275. Hii 264, upande wa Tanga. Tanga mjini, au Korogwe."

Korogwe. Mabasi yote ya Moshi hupita Korogwe.

Nyuma yangu walikuwa bado wanacheka. Sikioni mama alikuwa akiendelea, anasema amemwagizia mdogo wangu mtori wa ndizi, wameufunika usipoe. Nilichukia furaha yangu ya dakika ile, na mpaka leo naichukia.

Nilipokata, ile namba ikaita kwa mara ya nne. Ilikuwa hospitali kweli, ya Korogwe. Mama tuliyemlilia Kariakoo alitoka wodini ili amzike mwanawe.