Mnakumbushwa na Nani?

Katika kituo cha simu cha shirika la maji, pale ambapo watu saba huvaa visikilizio masikioni kutwa nzima na kuulizwa kwa nini bili imepanda, hakuna aliyemwita yule dada kwa jina lake. Walimwita Kasuku. Jina alilipata kwa haki kabisa, kwa sababu aliweza kumwiga mtu yeyote: mteja mwenye hasira, mlinzi wa getini, na zaidi ya wote, msimamizi wao.

Msimamizi huyo alikuwa bwana mpole aliyeogopa watu, basi akawa anaongoza kwa barua pepe. Karibu kila barua yake ilianza vilevile: "Mnakumbushwa kwamba..." Mnakumbushwa kufika kwa wakati. Mnaagizwa kutokula mezani. Imeamuliwa kwamba likizo zisimame. Barua ikiingia tu, Kasuku husimama, huvuta suruali juu ya kitumbo ambacho hana, na kuisoma kwa sauti ya puani. Akifika kwenye "mnakumbushwa" au "mnaagizwa," wenzake wote huitikia kwa pamoja, "Na nani?" Halafu wanacheka mpaka machozi yawatoke, na simu zinaendelea kulia.

Bwana yule akahamishwa. Nafasi ikatangazwa. Kasuku akaomba, akahojiwa, akapewa.

Hongera alizipata, tena nyingi. Aliyekuwa jirani yake wa meza, mwanamke aliyeitwa Mama Pacha kwa sababu mbili zilizokuwa zinakimbizana nyumbani kwake, naye alimkumbatia na kusema, "Hongera, dada." Lakini Kasuku alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Mama Pacha naye aliiomba nafasi ileile. Alimwambia yeye peke yake, kwa kunong'ona, siku waliyopeleka maombi, wakacheka wakisema yeyote atakayepata atamnunulia mwenzake chai. Tangu majibu yatoke, hakuna aliyeitaja chai. Mama Pacha alisalimia vizuri, akajibu vizuri, na vizuri vyenyewe ndivyo vilivyomkata Kasuku maini. Miaka yote waliyokaa bega kwa bega, hawakuwahi kuwa na adabu namna hiyo.

Jumatatu asubuhi Kasuku akaingia kwenye kile chumba kidogo chenye mlango wa kioo, akakalia kiti ambacho bado kilikuwa na umbo la yule bwana aliyehamishwa. Mkuu wa idara alikuwa ameshamwambia: watu wako waandikie leo, wajue wewe ni nani na mambo yanakwendaje. Akafungua kompyuta. Akaandika, "Mnakumbushwa kwamba..."

Akaruka kama aliyekanyaga moto. Yalitoka yenyewe! Alikuwa amemwiga yule bwana muda mrefu hivi kwamba sasa hakuwa na sauti nyingine ya kuandikia. Akafuta, akajaribu upande wa pili: "Jamani wapenzi wangu, mimi ni yuleyule, hakuna kitakachobadilika." Akaisoma, uso ukamwaka kwa aibu. Uongo mtupu. Yeye ndiye angepanga zamu zao, yeye ndiye angesikiliza simu zao na kuzipa alama, na yeye ndiye angesema nani aende likizo lini. Mtu wa namna hiyo si yuleyule, hata angecheka nao vipi.

Rasimu ya tatu ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyokuwa ya hatari. Ndani yake aliandika: "Namshukuru kipekee Mama Pacha, ambaye naye aliistahili kabisa nafasi hii." Aliipenda sentensi hiyo. Ilimfariji. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kutuma, ndipo alipotazama nje kupitia kioo na kumwona Mama Pacha akimweleza mteja kwa upole jinsi ya kusoma mita. Watu watano wengine wangejua kwa barua pepe, wakati wa kazi, kwamba mwenzao aliomba akakosa. Faraja ingekuwa ya nani hapo? Akaifuta sentensi, herufi kwa herufi, kisha akapiga moyo konde na kuandika upya.

"Wenzangu,

Kuanzia leo mimi ndiye msimamizi wenu. Wiki iliyopita tulikuwa ngazi moja, na najua mabadiliko haya si mepesi, kwenu na kwangu. Nitajitoa kwenye lile kundi letu la kuchati kwenye simu, maana mnahitaji mahali pa kunisema.

Kwa sasa nabadilisha jambo moja tu. Saa saba wote tunakwenda kula pamoja na wateja wanabaki wakisikiliza muziki. Kuanzia kesho tutakula kwa makundi mawili: safu ya dirishani kwanza, safu ya ukutani baadaye. Nimeamua mimi. Kama nimekosea, niambieni.

Wiki hii nataka kukaa na kila mmoja wenu faragha, nisikilize kinachowakwamisha. Mnaombwa kuchagua siku na saa inayowafaa."

Akatuma.

Upande wa pili wa kioo, vichwa vikainama kwenye skrini. Kisha mzee mmoja, aliyekuwa akisoma mita majumbani kabla miguu haijamchoka na ambaye wote walimwita Mzee wa Mita, akavua kisikilizio, akasimama, akaanza kuisoma kwa sauti. Kwa sauti yake mwenyewe, bila kuiga. Alisoma polepole, na pale kwenye mahali pa kumsema akatikisa kichwa na kutabasamu. Kasuku akaanza kupumua. Mzee akafika mwisho: "Mnaombwa kuchagua siku na saa..."

"Na nani?" wakaitikia wote, kwa mazoea, kisha wakashtuka na kujiziba midomo.

Kasuku alikwisha kuufungua mlango. "Na mimi!" akapaza sauti. "Nawaomba mimi! Limeniponyoka!"

Kicheko kilicholipuka hapo kiliwafanya hata wateja wawili waulize kuna nini. Mzee wa Mita alilazimika kukaa. Ila Mama Pacha alicheka kidogo tu, akarudi kwenye simu yake, na Kasuku akarudi ndani furaha yake ikiwa nusu.

Muda si mrefu mlango ukagongwa. Haikuwa desturi yao kugongeana. Mama Pacha akaingia, akaufunga, akabaki amesimama.

"Nimeisoma mara mbili," akasema. "Natafuta jina langu. Nilikuwa naogopa utanionea huruma mbele ya watu."

"Lilikuwepo," Kasuku akasema. Hakuona sababu ya kudanganya. "Nikalifuta."

Mama Pacha akashusha pumzi ndefu, akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Basi nisikilize. Hapo kwenye chakula umechemsha, dada. Nani anajibu maswali ya mita pale?"

"Wewe na Mzee."

"Tunakaa wapi?"

Kasuku akafumba macho. "Dirishani. Wote wawili."

"Sasa tukienda kula, mtu mita yake inazunguka usiku kucha bomba limefungwa, atamwambia nani? Wewe mwenyewe simu za mita ulikuwa unatuhamishia sisi tu, mvivu wewe!"

Mvivu wewe! Kasuku hakuwahi kutukanwa akafurahi namna ile. Machozi yakamlengalenga, na hakujisumbua kuyaficha. "Basi nani abadilishane na nani?"

"Mimi nitakula na ukutani. Andika."

Wakaandika pamoja, vichwa vikikaribia kugongana mbele ya skrini: nilikosea makundi, haya hapa mapya. Kasuku akasita kabla ya kumalizia.

"Kosa umeliona wewe. Safari hii nikutaje, au nisikutaje?"

Mama Pacha alikuwa amekwisha kusimama, mkono mlangoni. Akafikiri.

"Nitaje," akasema.