Chumba cha Juu ya Kisima

Bibi yangu, shikamoo.

Najua hakuna posta inayofika uliko. Naandika kwa sababu jana nimerudi mahakamani mara ya mwisho, na nimechoka kiasi kwamba sina wa kumweleza habari hizi kwa urefu bila yeye kuangalia simu yake. Wewe ulikuwa unasikiliza. Basi sikiliza, nikueleze nyumba yako ya Tandika imeishia wapi.

Lakini siwezi kuanzia mwisho. Lazima nianzie mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, wakati nyumba ilikuwa bado na kisima uani.

Unakumbuka ulivyotukataza kukisogelea saa sita mchana. Ulisema jua likiwa utosini kina wenyewe, na wenyewe wanapumzika. Asubuhi ruksa, alasiri ruksa, lakini mchana ule ndoo zililala chali na hata wapangaji waliotoka bara, ambao mwanzoni walikucheka, walisubiri. Kila mwezi wa Shaabani ulichoma ubani pembeni yake na kunyunyiza marashi, ukizungumza kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba radhi kwa jirani. Mie nilikuwa nasimama nyuma yako nimeshika kanga yako. Sikuwahi kuona kitu, ila niliogopa sawasawa na kama ningeona.

Kisha bomba likafika mtaani, na Mjomba Salehe akaoa. Mwanao mkubwa alitaka chumba. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, vyote vina wapangaji au watoto, na nafasi iliyobaki ilikuwa pale tu, kwenye kisima.

"Mama, kisima cha nini tena? Maji yapo bombani," alikuambia.

Ukamjibu bila kuinua macho kwenye nazi uliyokuwa unaikuna: "Kisima hakifukiwi kama shimo la taka, Salehe. Utajenga, lakini chumba hicho hakitakaliwa na mtu."

Alijenga. Na hapa kuna jambo ambalo sikukuambia mpaka ukafa. Siku ya kufukia, mafundi walikwenda kula. Mjomba akaniambia nimsaidie kumalizia, akanipa pakiti ya biskuti. Ilikuwa saa sita mchana. Nilibeba vifusi kwa karai dogo, matofali mabovu, makopo, magunia ya saruji yaliyoganda, nikavimimina. Kila nilipomwaga nilisikia maji yakijibu chini, halafu sauti ikawa ndogo, halafu hakuna. Nilikula biskuti zile nyuma ya choo, na hazikuwa na ladha yoyote.

Mke wa Mjomba alilala chumba kile tangu kiangazi. Akawa anasema anasikia maji yakimiminwa usingizini. Masika ya kwanza yalipokuja, mchana mmoja akiwa amejinyoosha, mguu wa kitanda ulizama sakafuni mpaka nusu. Ukuta ukapasuka kutoka dirishani hadi chini. Alitoka anapiga kelele, kanga imemvuka, na hakurudi kulala mle tena. Walihamia Mbagala, chumba kikawa stoo ya magunia ya mkaa. Mtaa mzima ulisema maneno yako yametimia. Mie nikalia siku mbili, nikijua ni karai langu.

Leo najua kwamba shimo lililojazwa makopo na magunia bila kushindiliwa lazima litazama mvua ikinyesha. Fundi yeyote angesema. Hilo halijanipunguzia chochote.

Nilipofaulu kwenda chuo cha ualimu ndipo ukanipa chumba kile. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa, na sikuwa na pa kurudi likizo isipokuwa kwako. Tulichimba sakafu upya, tukatoa makopo, tukaweka mawe na kokoto, tukashindilia na kumwaga zege. Wewe ukachoma ubani siku tatu. Kisha jioni moja, Mjomba Salehe na Mama mdogo Rukia wakiwa wamekaa kwenye mkeka barazani, ukasema: "Chumba hiki ni cha Zai. Hata nikifa, kiwe chake."

Nililala mle miaka sita, Bibi. Sikusikia maji.

Ulipofariki tulisoma hitima, tukamaliza arobaini, kisha ukoo ukakaa. Ulikuwa na watoto watatu hai: Mjomba Salehe, Mjomba Hamisi anayeuza supu karibu na machinjio ya Vingunguti, na Mama mdogo Rukia aliyebaki nyumbani akikuogesha mpaka siku ya mwisho. Hawakuaminiana hata kidogo, kwa hiyo wakakubaliana jambo moja tu, kwamba msimamizi wa mirathi niwe mie. "Zai ni mwalimu, anajua makaratasi," alisema Mjomba Hamisi. Sheikh wa msikiti alikuwepo kutuongoza. Rukia akamwambia mbele ya wote kwamba uliniachia chumba.

Sheikh akaniangalia kwa huruma. Akaeleza kwamba mama yangu alikufa kabla yako, na wajomba zangu wako hai, hivyo mimi si mrithi. Wasia kwa asiye mrithi unakubalika, mradi usizidi theluthi ya mali, lakini lazima uwe na mashahidi wawili au maandishi. "Nani mwingine alisikia?"

Rukia akamgeukia kaka yake. "Kaka, si ulikuwepo?"

Mjomba Salehe alikuwa amekonda, shati limemlegea mabegani. Figo zake zilikuwa zimeshaanza kushindwa, alikuwa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Akatazama mkeka. "Sikusikia," akasema.

Nilijua anasema uongo, na nilijua kwa nini. Nyumba nzima ikiuzwa pasipo mtu mwenye chumba ndani yake, itauzwa haraka. Ningeweza kubishana. Nilisema tu, "Tuendelee na muhtasari."

Muhtasari wa kikao ukasainiwa na wote. Nikachukua cheti chako cha kifo na barua ya serikali ya mtaa, nikafungua mirathi mahakama ya mwanzo. Tangazo likabandikwa ubaoni pale, kwamba mwenye pingamizi ajitokeze. Nilikuwa napita kulitazama nikitoka kazini Tegeta, safari ya kuvuka jiji zima, kana kwamba naweza kuamka siku moja nikakuta nimejiwekea pingamizi mwenyewe. Hakuna aliyejitokeza. Siku ya kuteuliwa kwangu, hakimu, mama mmoja mpole, aliuliza: "Wewe na marehemu ni nani?"

"Mjukuu wake."

"Unarithi nini?"

"Sirithi, mheshimiwa."

Akaandika, kisha akagonga muhuri.

Kisha nikaorodhesha mali zako, Bibi, na kuipeleka orodha mahakamani. Kitanda cha samadari. Cherehani. Nyumba moja isiyo na hati, yenye leseni ya makazi kwa jina lako. Sikujua mtu anaweza kuwa mfupi hivyo kwenye karatasi. Sheikh aligawa mafungu matano: wajomba mawili mawili, Rukia moja. Rukia aliomba wapangishe na kugawana kodi ili abaki kwenye chumba chake. Mjomba Hamisi alikubali. Mjomba Salehe alisema, "Kodi ya mwezi haitanifikisha mwezi," akataka iuzwe. Rukia hakuwa na uwezo wa kununua mafungu ya kaka zake. Mthamini akaja, akapima, akagonga ukuta wa chumba changu pale penye ufa wa zamani, akaandika kitu.

Mnunuzi ni mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa Kariakoo, familia ya Waarabu wa miaka mingi mjini. Ni mstaarabu. Alivua viatu kuingia kwenye nyumba aliyokuwa anataka kuibomoa. Warithi wote walisaini kuridhia, nikauza mie kama msimamizi, serikali ya mtaa wakashuhudia, leseni ikahamishiwa jina lake. Wapangaji niliwapa notisi ya miezi mitatu. Mama Upendo wa chumba cha mbele, yule wa kutoka Songea, alilia kuliko sisi.

Siku ya kubomoa nilikwenda. Kijiko, ile mashine ya kubomolea, kilisukuma ukumbi, kikasukuma vyumba vya upande wa kulia, na kilipofika uani tairi la mbele likadidimia. Si sana, kiasi cha goti. Dereva akashuka mbio. "Hapa kuna nini, mama? Mbona hamkusema?"

"Kisima," nikamwambia. Zege letu lilibeba kitanda na mtu mmoja. Halikutengenezewa mashine.

Vijana wa kazi wakakataa kuendelea. Mmoja, Mndengereko, alisema kwao Rufiji kisima hakivunjwi kienyeji. Mnunuzi akapigiwa simu, na badala ya kugomba akasema wafanye wanavyojua. Rukia akachoma ubani kwenye kigae. Sikuomba dua yoyote iliyo sahihi, Bibi. Nilisema tu, tusameheni, tunaondoka. Kisha wakaleta mawe, wakajaza vizuri, wakashindilia tabaka kwa tabaka kama ilivyopaswa kufanywa zamani.

Mjomba Salehe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili wa barabara, mkono wenye mshipa wa kusafishia damu umefungwa kitambaa. Nikampelekea maji.

"Zai," akasema, "nilisikia. Siku ile barazani. Nilisikia vizuri kabisa."

"Najua, Mjomba."

"Mbona hukusema?"

Nilimwambia anywe maji kidogo kidogo, maana daktari alimpimia kiasi cha kunywa kwa siku. Alifariki miezi minne baadaye, akiwa bado anakwenda kliniki. Amezikwa karibu nawe, watakuwa wamekuambia.

Rukia amenunua kiwanja Chanika, nyumba imefika kwenye linta, juu ya madirisha, anaishi kwenye chumba kimoja kilichoezekwa. Mjomba Hamisi amefungua banda la pili la supu. Hawaongei sana, ila Idi iliyopita walikaa sahani moja. Jana nimewasilisha hesabu ya mwisho, kila mrithi amesaini kupokea, na mahakama imefunga jalada lako.

Nimekukasirikia, Bibi, na ni vizuri ujue. Ulijua kuzungumza na wasioonekana, ukawapa ubani na heshima zao kwa wakati, lakini hukuita watu wawili na karatasi moja kwa ajili yangu. Uliamini neno lako barazani linatosha kwa sababu enzi zako lilitosha. Nadhani hata Mjomba angelitunza kama asingeugua. Uoga wa kufa ulimfanya akane neno la mama yake, na sijui mie ningefanya nini mahali pake.

Wiki iliyopita niliwaita walimu wenzangu wawili ofisini baada ya vipindi, nikaandika wasia. Mmoja akacheka, "Zai, mpangaji wewe, una nini cha kuandikia wasia?" Nikamwambia sina kitu, ila nina binti niliyemlea ambaye si wa kumzaa. Akaacha kucheka. Wakasaini wote wawili, na tukafunga ofisi tukaenda nyumbani.

Mjukuu wako,
Zainabu