Njia Ndefu ya Kwenda Kawangware

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilipoanza kuendesha teksi ya kuitwa kwa simu, nilikariri ya kumwambia abiria: salamu, jina, njia. Asubuhi moja nilimchukua mama mmoja kando ya barabara, mtaa wa Lindi jijini kwetu, akielekea mtaa wa Kawangware.

"Sasa, mathe. Ni wewe umeita gari? Hapa naona jina la mwanaume."

"Ni la mzee wangu. Simu ni yake." Aliingia, akafunga mlango polepole. "Ameaga dunia leo alfajiri. Naenda kumwambia mamake. Mambo kama haya hayasemwi kwa simu."

Nilitaka kumwambia pole, lakini mdomo ulikimbilia nilichokariri. "Tufuate ramani, ama kuna njia unapendelea?"

"Ndefu ni gani?"

"Ya kuzungukia mtaa wa Satellite."

"Basi pita hiyo. Bado sijajua nitaanzaje."

Niliendesha taratibu. Kila nilipomtazama kwenye kioo, midomo yake ilikuwa ikijaribu maneno bila sauti, kama mimi siku zangu za kwanza kazini.

Tulipofika, mama mmoja mkongwe alikuwa ameketi kwenye geti la ploti. Alipoona gari likisimama aliinuka akitabasamu, akampita mke wa mwanawe aliyekuwa akishuka, akainama kuchungulia kiti cha nyuma.

"Na kijana yangu umemwacha wapi?"

Abiria wangu alibaki ameshika mlango wa gari. Hakuufunga, na mimi sikuweza kuondoka.