Bi Henzirani na Mashine ya Kioo

Wateja walimwita Bi Henzirani, kwa sababu alikuwa amesuka viti vya henzirani miaka thelathini na hakuna aliyewahi kukalia kazi yake akaanguka. Alikuwa haoni tangu utotoni. Vidole vyake vilitambua ufito mkavu na wenye unyevu kabla mwenye macho hajapata miwani yake, na ulimi wake haukujua likizo.

Kadi yake ya benki, hata hivyo, ilikaa kwenye mkoba wa dada yake mkubwa. Chanzo kilikuwa ghala anakonunua henzirani. Miezi mitatu nyuma, mashine ya kadi pale ilikuwa na vitufe vya kweli: nukta iliyoinuka juu ya tano, duara kwenye kitufe cha kukubali, alama ya mkato kama X kwenye cha kughairi. Bi Henzirani aliingiza namba yake ya siri bila kubabaika, mashine ikalia "pii!", akatoka kifua mbele. Kumbe amelipia mzigo wa mteja mwingine. Mlio ule ulisema malipo yamepita; ni kiasi gani, haukusema. Fedha zilirudishwa, lakini dada alishakata shauri.

"Kuanzia leo nitakuja kila Jumamosi nilipe mimi, mdogo wangu. Wewe suka."

Dada alimpenda, hilo halina ubishi. Ila mwanamke wa miaka hamsini na mbili kuomba fedha zake mwenyewe kila akitaka kununua kitu, jamani, inauma. Baada ya kuzozana wiki nzima wakapatana: alipe mara moja peke yake, na kadi itarudi. Akishindwa, suala hilo asiliguse tena.

Jumamosi wakaingia ghalani. Muuzaji, mwanamume mpole mwenye vidole vinene, akapima mafungu mawili. "Elfu arobaini na nane, mama." Akasukuma mashine mbele.

Bi Henzirani akaipapasa. Juu laini, chini laini. Hakuna kitufe hata kimoja.

"Tumeletewa mpya," muuzaji akasema kwa fahari. "Kioo kitupu!"

Dada akakohoa kile kikohozi chake cha ushindi. "Nipe nimalizie?"

"Kaa kimya, Dada, tumepatana." Akamgeukia muuzaji. "Ndugu yangu, mashine za hivi huwa na sauti ya kuwasaidia wasioona. Itafute kwenye mipangilio. Na kwenye boksi lake hapakuwa na kipande cha plastiki chenye matundu?"

"Kile? Nimekiweka kwenye droo, nakandamizia risiti!"

Muuzaji akawasha sauti, na kipande kilipopachikwa juu ya kioo, kila namba ikapata tundu lake, nukta ikainuka pembeni mwa tano, duara na mkato vikarudi nyumbani. Bi Henzirani akatabasamu, akachomeka hedifoni zake kwenye tundu la ubavuni ili duka zima lisisikilize mambo yake. Muuzaji akaandika kiasi. Dada akatupia jicho kwenye kioo, akaitikia kwa kichwa kuwa sawa.

Sauti ikasema sikioni, taratibu: "Kiasi cha kulipa: laki nne na elfu themanini."

Bi Henzirani akaganda. Hiyo ilikuwa akiba yake yote ya mwaka. Akabofya kurudia, ikasema vilevile. Kidole kikatafuta alama ya mkato, kikabonyeza.

"Malipo yameghairiwa," muuzaji akasoma.

"Nilijua!" Dada akaruka. "Nilijua tu itamshinda!"

"Dada, uliangalia kiasi?"

"Niliangalia. Arobaini na nane."

"Basi hesabu sifuri, macho unayo."

Muuzaji akainama kuhesabu, akashika kichwa. "Maskini! Nimeongeza sifuri. Kioo hiki na vidole vyangu! Nisamehe, mama."

Akaandika upya. Sauti ikasema elfu arobaini na nane. Namba ya siri ikaingia, na kwa kila tarakimu mashine ikalia mlio uleule mmoja, maana haiwezi kuitangaza siri ya mtu. Duara likabonyezwa. Dakika haikuisha, simu yake ikamsomea ujumbe wa benki: elfu arobaini na nane zimetoka. Akacheka mpaka hedifoni zikamtoka.

Nje, dada akafunga mkoba wake usio na kadi tena. Bi Henzirani alikuwa ameshika kadi kiganjani.

"Nitabadilisha namba ya siri," akasema.

"Utaniambia?"

"Hapana."

"Sasa Jumamosi nitakuwa nakuja kwako kufanya nini?"

Hapo ndipo Bi Henzirani alipoelewa kuwa miezi ile mitatu kadi ilimpa dada sababu ya kuja, na akamhurumia kweli. Akamshika mkono.

"Kunitembelea, Dada. Zamani ulikuwa unakuja tu."