Miaka Minane ya Kutafuta Kilicho Bora

Hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza. Nimelisema hilo mara nyingi, kanisani na sokoni, na wengi wamenikubalia, hasa wale niliokuwa nawalipia chai. Mtu aliyeishia darasa la tatu, akaanza kwa kubeba viazi vya watu kichwani mpaka soko la Lushoto, na leo anateremsha kabichi na plamu zake mwenyewe hadi Mombo kwa lori la kukodi, amekwisha kuona mengi. Nyumba yangu ina bati na vioo. Sikurithi hata jembe.

Naandika haya kwa sababu watu wanayasimulia vibaya. Wanasema rafiki yangu alinishinda. Hakunishinda. Mimi nilichagua vizuri kuliko yeye, na hesabu zipo.

Rafiki huyo ni fundi seremala. Tulikua pamoja, tukabatizwa siku moja, na mpaka leo ananiita mbuya, ambalo kwa Kishambaa ni rafiki, ingawa akilitamka yeye husikika kama tusi dogo. Mwaka ule wa Uhuru tulikuwa vijana, kila mmoja ana vishilingi vyake. Usharika wetu ulikuwa umeanzisha chama cha akiba na mikopo. Wanachama waliweka fedha, chama kikawakopesha wenzao waliotaka kununua mbegu na mabati, na riba waliyolipa wakopaji ikagawiwa kwa wenye akiba: shilingi sita kwa kila mia, kila mwaka. Usipoichukua faida yako, inaongezwa kwenye akiba, na mwaka unaofuata nayo inapata faida.

Rafiki yangu akaingia mwaka ule ule. Kila mwaka, wiki chache kabla ya Sikukuu ya Mavuno, alipeleka shilingi mia mbili na arobaini.

"Sita kwa mia," nilimwambia. "Mbuya, hata kuku wangu anazaa kuliko hiyo."

"Kuku wako yuko wapi?"

"Bado sijamnunua. Namtafuta aliye bora."

"Basi huyo hazai," akasema, akaendelea kupiga randa.

Mimi sikuwa mtu wa sita kwa mia. Nilitaka kitu chenye akili. Nikachunguza kahawa, nikaona bei yake inayumba. Nikachunguza magome ya miwati, yale yanayotumika kutengenezea ngozi, nikaambiwa ningoje miti ikomae. Nani ana muda huo? Nikateremka bondeni, Mnazi, kutazama shamba la mpunga, nikarudi na homa na maoni mazuri sana juu ya mpunga. Kila aliyekuwa na jambo la fedha alikuja kwangu kupata ushauri, na niliwashauri wote. Miaka minane nilichunguza. Sidhani kama katika milima hii yupo aliyechunguza kama mimi.

Shilingi zangu katika miaka hiyo hazikukaa bure, msidhani. Nilinunua redio. Nilinunua kofia. Na kila Sikukuu ya Mavuno, baada ya ibada, waumini wanapokwisha kuleta madhabahuni mahindi, ndizi, maharage na kuku, na mzee wa kanisa anapotoka navyo nje kuvinadi ili fedha ziende kwa kazi ya Mungu, mimi ndiye niliyeufanya mnada uwe mnada. Kuna jogoo nilimchukua kwa bei ya mbuzi. Kuna boga nililichukua kwa bei iliyomfanya Mchungaji mwenyewe ashike kichwa. Watu walikuwa wakingoja nisimame. Nikisimama, aliyekuwa akishindana nami alikaa.

Mwaka wa nane, alipokwisha kuweka mara ya nane, rafiki yangu akaacha. Mkewe alijifungua mapacha juu ya watoto waliokuwapo, na seremala hawezi kulisha kijiji na benki kwa msumeno mmoja. Nilimpa pole kwa namna yangu.

"Nguvu zimekwisha, fundi?"

"Za kuweka zimekwisha. Za kutochukua bado ninazo."

"Kutochukua nako ni kazi?"

"Jaribu," akasema.

Mwaka uliofuata nikakipata nilichokuwa nakitafuta. Wafanyabiashara wa mboga walikuwa na chama chao, kinakopesha wasafirishaji, na mwenye akiba alipata tisa kwa mia. Tisa. Nayo ikiachwa huongezwa vilevile. Nikaenda kwa rafiki yangu siku hiyo hiyo, sikungoja hata kubadili viatu.

"Tisa," nikamwambia.

"Nimesikia. Hongera."

"Hamisha zako."

"Zimeshazoea pale," akasema. "Na chama chako kinataka wauza mboga. Mimi nauza viti."

Nikaanza kuweka shilingi mia mbili na arobaini kila mwaka, sawasawa na alizokuwa akiweka yeye. Niliweka mara nane, sikukosa hata mwaka mmoja, na sikuchukua faida hata mara moja. Nilikuwa nikipita karakana yake kwa makusudi, namtazama anavyokwangua mbao, huku mimi naweka na yeye haweki, mimi kwa tisa na yeye kwa sita. Nilimhurumia kwa dhati.

Ndipo ikaja habari ya mashine. Upande wa Irente kulikuwa na mkulima mgeni aliyekuwa akifunga mizigo. Siasa ya Ujamaa ilikuwa imempa mawazo ya kurudi kwao. Alikuwa na mashine ya kusaga, ya dizeli, na alitaka shilingi elfu tatu na mia saba, taslimu, kabla mwezi haujaisha. Akina mama wa kwetu walikuwa wakibeba mahindi mpaka mjini na kurudi. Mwenye mashine ile angekaa kwenye benchi, akawatazama wakija na debe kichwani, mwaka mzima, mvua na jua. Niliitaka mashine hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na niliitaka mbele ya watu. Nikatangaza kwamba ni yangu. Nikachagua na mahali pa kuiweka, upande wa chini wa nyumba yangu, karibu na njia. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kama mashine ya mtu mmoja si unyonyaji. Alipoahidiwa kwamba mahindi ya kwake yatakuwa ya kwanza kusagwa, ikaacha kuwa unyonyaji.

Kumbe rafiki yangu naye aliitaka. Hakutangaza, ila mkewe alikuwa mmoja wa waliobeba mahindi hayo.

Nikaenda kwa mtunza fedha wa chama chetu cha mboga, nikiwa nimeshaweka akiba ya mwaka huo. Fedha zangu nyingine zote zilikuwa shambani, zimevaa majani ya kabichi. Akapiga hesabu, akanisomea: elfu mbili, mia sita na arobaini na saba.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Niliweka elfu moja mia tisa na ishirini, faida ikawa mia saba na ishirini na saba. Akasema ni faida nzuri sana, hakuna chama kingine kinachotoa kama hiyo. Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyekichagua. Zilipungua elfu moja na hamsini na tatu kufikia mashine. Nilikwenda kwa mkulima nikamwomba angoje kabichi zikomae. Akasema meli haingoji kabichi.

Nilipokuwa natoka nikamkuta rafiki yangu getini, ana mkoba wa vifaa vyake vya useremala. Ndani yake hapakuwa na randa.

"Shikamoo tajiri," akasema, na sisi tuna umri mmoja.

"Umekuja kumtengenezea masanduku?"

"Nimekuja kumpunguzia mzigo."

Alikuwa na elfu tatu, mia saba na themanini na sita. Nilimwambia hilo haliwezekani. Nilimkumbusha, kwa upole, kwamba tumeweka sawa, elfu moja mia tisa na ishirini kila mmoja, kwamba yeye ameacha miaka minane iliyopita, na kwamba sita ni ndogo kuliko tisa hata kwa mtu wa darasa la tatu.

Akakaa juu ya jiwe la getini. "Nilipoacha kuweka," akasema, "zilikuwa zimefika elfu mbili mia tatu na sabini na tano. Mwaka uliofuata zikaleta mia moja na arobaini na mbili bila mimi. Hizo zikakaa na mama zao. Mwaka uliofuata wote wakazaa, mama na watoto. Mwaka huu wa mwisho zimeleta mia mbili na kumi na nne. Wewe ulitoa mia mbili na arobaini mfukoni mwako, mbuya, ukitokwa jasho. Mimi nilikuwa nimelala, na zilikaribia kuniwekea kama wewe."

"Lakini chama changu ni bora."

"Ni bora sana. Kingekuwapo mwaka wa Uhuru ningekufuata."

"Bei zimepanda miaka hii. Shilingi si ile."

"Zimepanda kwangu peke yangu?"

Akainuka. Nikatazama mkoba ukiingia ndani ya nyumba ya yule mkulima na kutoka mwepesi. Tisa ni kubwa kuliko sita, hilo nalishikilia mpaka leo. Ila shilingi yake ya kwanza ilikuwa imefanya kazi miaka kumi na mitano, na ya kwangu ya kwanza ilikuwa imefanya saba. Hakuna tisa iliyonirudishia miaka niliyokuwa Mnazi natazama mpunga wa watu.

Mashine ikafungwa kwake, upande wa juu wa karakana. Mlio wake unafika kitandani kwangu. Kabla hajaanza kusagia watu alikuja kwangu na debe tupu.

"Nataka mahindi ya kujaribia mawe ya mashine," akasema. "Ya kwako ni makavu kuliko ya wote."

Nikampa. Mahindi yangu kweli ni makavu kuliko ya wote.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Baada ya ibada mzee wa kanisa akainua debe la unga, mweupe, laini. "Unga wa kwanza wa mashine yetu," akasema. Kanisa zima likageuka kunitazama mimi, kama kawaida ya miaka yote. Nikasimama. Mzee akaanza na shilingi kumi. Nikasema ishirini, nikangoja watu wakae.

"Ishirini na tano," ikatoka sauti nyuma yangu.

Hakuwahi kununua kitu mnadani maishani mwake. Nikasema arobaini. Akasema hamsini, anatabasamu, huku mkewe anamvuta shati. Sokoni unga ule ungeupata kwa thelathini. Nilijua anachokifanya, alijua kwamba najua, na alijua kwamba katika usharika ule sijawahi kukaa kabla ya mwingine kukaa. Sitini. Sabini. Nilikuwa na noti moja ya mia mfukoni, iliyokuwa ya kuanzia akiba ya mwaka unaokuja, kwa tisa. Themanini na tano. Akafika tisini na nne, nikaongeza senti hamsini. Akaniinamia, akakaa.

Watu walipiga makofi. Nikalibeba debe mwenyewe, napita katikati yao, na nilipompita akaninong'oneza, "Hayo mahindi ni makavu kweli, mbuya."

Unga wa mahindi yangu mwenyewe, niliyompa bure: shilingi tisini na nne na senti hamsini.