Sekunde Tano za Swali la Diwani

Nilipoanza kufundisha uraia Tononoka, niliandika kwenye andalio la somo: "Uliza kwa nini diwani huchaguliwa na watu. Ngoja sekunde tano, ndipo utaje jina la mwanafunzi." Mkaguzi wa shule alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Nikauliza, nikanyamaza, nikahesabu moyoni. Hata ya tatu sikuifikia. Kumbe kimya cha watoto humwasha mkubwa kuliko upupu! Bwana mkubwa akakohoa, akasimama, akajibu mwenyewe kwa kirefu, kisha akataka makofi. Akapigiwa. Mkono mmoja uliokuwa umeanza kuinuka ukarudi mezani. Kwenye ripoti akaandika: "Mwalimu ananyamaza ovyo. Wanafunzi hawashiriki."

Nikatia sahihi. Kwenye andalio la wiki iliyofuata nikaongeza mstari mmoja: "Mgeni naye angoje."